Kirumi Mwanzoni, Namba za Kawaida Kwenye Sura: Jinsi ya Kupanga Kurasa za Tasnifu

Wiki ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, foleni kwenye steshenari zilizo karibu na vyuo huwa ndefu. Wengi waliopanga mstari wameshamaliza kuandika. Msimamizi ameridhika, marejeleo yamekaa sawa, fedha ya kubaindi ipo mfukoni. Kilichowaleta ni ombi moja tu kwa kijana aliyeketi mbele ya kompyuta: "Kaka, niwekee Kirumi huku mwanzoni, halafu Sura ya Kwanza ianze na moja."

Kijana anabofya hapa na pale, namba zinakaa, mteja analipa na kuondoka. Jioni msimamizi anaagiza shukurani zifupishwe. Mwanafunzi anafuta mistari mitano nyumbani, na kutahamaki Ikisiri imekuwa ukurasa wa 6 badala ya vi. Anarudi kwenye foleni.

Swali hilohilo huulizwa kila msimu, na jibu lake si gumu. Gumu ni kwamba wengi hufundishwa mahali pa kubofya bila kuambiwa kila kitufe kinabadilisha nini. Makala haya yanafuata programu ya Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi, na majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Kwa nini zisihesabiwe moja kwa moja?

Wapo wanaouliza: ukurasa ni ukurasa, mbona usianze na 1 kwenye jalada la ndani na kwenda hivyo hadi mwisho?

Desturi hii imetoka kwa wachapaji wa vitabu. Zamani matini ya kitabu ndiyo iliyopangwa na kuchapwa kwanza. Dibaji, shukurani na yaliyomo vilikuja mwishoni, maana orodha ya yaliyomo haiwezi kuandikwa kabla ya kujulikana kila sura imeangukia ukurasa gani. Kurasa hizo za mwanzo zilipopewa hesabu yake peke yake, mwandishi aliweza kuongeza ukurasa wa shukurani bila kuivuruga hesabu ya kitabu kizima.

Vyuo viliirithi desturi hiyo. Kate Turabian, aliyekuwa katibu wa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Chicago na ambaye kazi yake ilikuwa kukagua umbo la tasnifu kabla hazijapokelewa, alitoa mwongozo wake wa kwanza kwa wanafunzi mwaka 1937. Mwongozo unaobeba jina lake bado unaagiza hivyo: kurasa za awali kwa tarakimu ndogo za Kirumi, na matini kuanzia 1.

Faida yake ni ileile hata kwenye kompyuta. Yaliyomo yakirefuka kutoka kurasa nne hadi tano, Sura ya Kwanza inabaki kuanza ukurasa wa 1, na kila mahali palipoandikwa "tazama uk. 62" panabaki kuwa sahihi.

## Ukurasa upi ni wa Kirumi, upi si wa Kirumi?

Kabla ya kuigusa kompyuta, tasnifu igawanywe mafungu mawili. Katika tasnifu nyingi zinazoandikwa kwa Kiswahili, kurasa za awali ni hizi:

- ukurasa wa jina la tasnifu;
- uthibitisho wa msimamizi;
- tamko la mwandishi na hakimiliki;
- tabaruku;
- shukurani;
- ikisiri;
- yaliyomo;
- orodha ya majedwali, ya vielelezo na ya vifupisho.

Kuanzia Sura ya Kwanza ni namba za kawaida hadi karatasi ya mwisho. Marejeleo na viambatisho vimo humo. Havirudi kwenye Kirumi na havianzi upya na 1.

Hapa neno la Kiswahili lenyewe huwapoteza watu. Katika vitabu vingi "Utangulizi" ni maneno ya mwanzo yanayotangulia sura, na hukaa kwenye kurasa za Kirumi. Katika tasnifu, "Utangulizi" mara nyingi ndiyo mada ya Sura ya Kwanza, yenye usuli wa tatizo, malengo na maswali ya utafiti. Aliyezoea vitabu huupa Utangulizi huo Kirumi, kisha anaanza kuhesabu 1 kwenye mapitio ya maandiko. Kipimo ni rahisi: kilicho ndani ya sura hakiwi cha Kirumi, hata kiitwe nini.

Mambo manne hutofautiana kati ya chuo na chuo, na yote hupatikana katika mwongozo wa uandishi wa tasnifu wa kurugenzi ya masomo ya uzamili:

1. Je, ukurasa wa jina unahesabiwa? Mara nyingi unahesabiwa kuwa i, ila namba haionekani, hivyo namba ya kwanza kuonekana ni ii.
2. Namba ikae wapi: chini katikati, au juu kulia?
3. Je, ukurasa wa kwanza wa kila sura uonyeshe namba?
4. Ikisiri itangulie yaliyomo au iyafuate?

Majibu yake yaandikwe kwenye karatasi kabla ya kuendelea. Baadhi ya safari za kurudi steshenari hutokana na jibu la swali la kwanza.

## Mambo matatu yanayochanganywa

Word inatenganisha mambo matatu ambayo mwanafunzi huyaona kama jambo moja.

La kwanza ni sehemu. Kwa kawaida hati nzima ni sehemu moja, hata iwe na kurasa mia. Word haijui kwamba Sura ya Kwanza ni tofauti na Shukurani mpaka iwekewe mkato kati yake. Mkato huo unaitwa `Section Break`.

La pili ni aina ya namba na mahali pa kuanzia. Kama ni i au 1, na kama hesabu inaanza upya au inaendelea, hayo ni mali ya sehemu. Kila sehemu ina ya kwake.

La tatu ni maandishi ya chini ya ukurasa, ile nafasi inayoitwa `Footer`. Humo ndimo namba inapowekwa. Maandishi haya yanaweza kurithiwa kutoka sehemu iliyotangulia, na kitufe kinachoruhusu au kuzuia urithi huo ni `Link to Previous`.

Wengi huamini kwamba `Link to Previous` ndicho kinachogeuza Kirumi kuwa namba za kawaida. Sivyo. Kitufe hicho kinahusu tu kilichoandikwa chini ya ukurasa na jinsi kilivyopangwa. Sehemu mbili zinaweza kuwa bado zimeunganishwa, na bado moja ikaonyesha xiv na inayofuata ikaonyesha 1, kwa sababu aina ya namba haipitii kwenye kiungo hicho. Ndiyo maana mtu anaweza kukizima na kukiwasha mara kumi bila kuona badiliko.

Basi cha nini? Kinahitajika pale mwonekano unapotofautiana: namba za awali zikae chini katikati na za sura zikae juu kulia, au sura ziwe na kichwa cha juu ambacho kurasa za awali hazina. Katika hatua zinazofuata kinazimwa kwa tahadhari, ili badiliko la upande mmoja lisivuke kwenda wa pili.

## Hatua za kufuata

Hifadhi nakala ya faili kwanza, kwa jina tofauti. Kisha fuata mpangilio huu, maana kuuvuruga ndiko kunakozaa matatizo.

1. Onyesha alama zilizofichwa. Katika kichupo cha `Home` bofya alama ya ¶. Sasa utaona kila mkato ulipo.
2. Onyesha namba ya sehemu. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye utepe ulio chini kabisa ya dirisha la Word, uweke tiki kwenye `Section`. Kuanzia hapo Word itakuambia kila wakati upo sehemu ya ngapi.
3. Safisha mpaka. Ukikuta `Page Break` iliyowekwa kwa Ctrl+Enter kabla ya kichwa cha Sura ya Kwanza, ifute. Ikibaki, itazaa ukurasa mtupu.
4. Kata. Weka kielekezi mbele kabisa ya maneno "SURA YA KWANZA". Nenda `Layout`, kisha `Breaks`, chini ya `Section Breaks` chagua `Next Page`.
5. Tenganisha. Bofya mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza. Utaona pameandikwa `Footer -Section 2-` na upande wa pili `Same as Previous`. Bofya `Link to Previous` ili kukizima, na maneno `Same as Previous` yataondoka.
6. Weka Kirumi. Panda hadi chini ya ukurasa wowote wa awali. Nenda `Insert`, `Page Number`, `Bottom of Page`, chagua iliyo katikati. Rudi `Page Number`, chagua `Format Page Numbers`. Kwenye `Number format` chagua i, ii, iii. Chini yake chagua `Start at` na uweke i.
7. Ficha namba ya ukurasa wa jina. Ukiwa bado katika sehemu ya kwanza, weka tiki kwenye `Different First Page`. Namba ya ukurasa wa jina itatoweka, na unaofuata utabaki ii.
8. Weka namba za kawaida. Shuka hadi chini ya Sura ya Kwanza na uhakikishe utepe wa chini unasema sehemu ya 2. Weka namba kama hatua ya 6, ila kwenye `Format Page Numbers` chagua 1, 2, 3 na `Start at` iwe 1.

Tahadhari tatu kuhusu hatua hizi:

- Katika orodha ya `Section Breaks` kuna pia `Continuous`, `Even Page` na `Odd Page`. Kwa kazi hii ni `Next Page` tu. `Odd Page` hulazimisha sehemu mpya ianze kwenye namba witiri, na inaweza kukuachia karatasi nyeupe wakati wa kuchapa.
- Kirumi kipo cha aina mbili kwenye orodha ya Word: i, ii, iii na I, II, III. Kinachotakiwa ni kidogo.
- Kama mwongozo unataka namba juu ya ukurasa, kiungo cha kuzima ni cha juu, yaani `Header`. Kiungo cha juu na cha chini ni viwili tofauti, na kuzima kimoja hakuzimi kingine.

## Mfano: tasnifu ya kurasa 132

Tuseme mwanafunzi wa uzamili ana tasnifu ya karatasi 132, na mwongozo wake unaagiza ukurasa wa jina uhesabiwe bila kuonyeshwa namba. Kurasa za awali ni 14. Mpango wake unakuwa hivi:

- Jina la tasnifu: i, haionekani
- Uthibitisho: ii
- Tamko na Hakimiliki: iii
- Tabaruku: iv
- Shukurani: v
- Ikisiri: vi hadi vii
- Yaliyomo: viii hadi xi
- Orodha ya Majedwali: xii
- Orodha ya Vielelezo: xiii
- Orodha ya Vifupisho: xiv
- Sura ya Kwanza: 1 hadi 18
- Sura ya Pili: 19 hadi 47
- Sura ya Tatu: 48 hadi 61
- Sura ya Nne: 62 hadi 97
- Sura ya Tano: 98 hadi 106
- Marejeleo: 107 hadi 112
- Viambatisho: 113 hadi 118

Sehemu mbili zinamtosha. Mkato ni mmoja tu, kati ya xiv na 1. Haihitajiki kuweka `Section Break` kwenye kila sura, kwa sababu sura zote zinatumia hesabu moja. Kati ya sura na sura `Page Break` ya kawaida inatosha.

Sasa msimamizi anataka jedwali la data lililo ukurasa wa 74 lilazwe, kwani safu zake ni nyingi mno kwa karatasi iliyosimama. Kulaza karatasi moja kunadai mkato kabla yake na mkato baada yake. Tasnifu inakuwa na sehemu nne: kurasa za awali, ukurasa wa 1 hadi 73, ukurasa wa 74 peke yake, na wa 75 hadi 118.

Hapa ndipo wengi hukwama. Sehemu mpya inaweza kurithi ile amri ya `Start at` 1 iliyowekwa kwenye Sura ya Kwanza. Matokeo yake, baada ya 73 linakuja jedwali lenye namba 1, kisha ukurasa unaofuata nao ni 1, halafu 2, 3 na kuendelea. Mwanafunzi asipopekua ukurasa kwa ukurasa hataona. Ataona kwenye yaliyomo: Sura ya Nne inaanza 62, lakini Sura ya Tano iliyopaswa kuwa 98 imeandikwa 24, na Marejeleo yaliyopaswa kuwa 107 yameandikwa 33.

Namba zikirudi nyuma ndani ya yaliyomo, kuna sehemu iliyoanza upya. Dawa ni kwenda kwenye sehemu ya 3, kufungua `Format Page Numbers` na kuchagua `Continue from previous section`, kisha kufanya vivyo hivyo kwenye sehemu ya 4. Amri ya `Start at` inapaswa kuwapo mahali pawili tu katika tasnifu nzima: mwanzo wa kurasa za awali na mwanzo wa Sura ya Kwanza.

## Makosa yanayojirudia, na jinsi ya kuyatambua

Kila ukurasa wa awali unaonyesha i. Mtu ameandika herufi i kwa mkono kwenye nafasi ya chini. Word imeichukua kama neno na kuirudia kila ukurasa. Ifutwe, kisha namba iwekwe kwa `Insert` na `Page Number`. Namba ya kweli ikibofywa huonyesha kivuli cha kijivu, na neno la kawaida halionyeshi.

Sura ya Kwanza haina namba, ila ukurasa wa pili wake unayo. `Different First Page` ilikuwa imewashwa kabla ya kukata, na sehemu ya 2 ikairithi. Utaona pameandikwa `First Page Footer -Section 2-`. Ondoa tiki hiyo ukiwa ndani ya sehemu ya 2. Ile ya sehemu ya kwanza iache.

Kurasa za awali zimegeuka ghafla kuwa 1, 2, 3. Huyu ndiye mwenzetu aliyefuta mistari mitano ya shukurani. Katika kufutafuta aliufuta na mkato wenyewe bila kuuona. Word huhifadhi sifa za sehemu ndani ya mkato unaoifunga kwa chini. Mkato ukifutwa, maandishi ya juu yanamezwa na sehemu iliyo chini na kuchukua tabia zake zote. Bonyeza Ctrl+Z mara moja. Kama faili limeshafungwa, rudia kuanzia hatua ya 4. Kufanya kazi huku alama za ¶ zikionekana kunazuia ajali hii.

Hesabu ya Sura ya Kwanza inaanza 15. Aina ya namba imebadilishwa, lakini `Start at` imesahauliwa. Word imeendeleza hesabu ya kurasa 14 za awali na kuiandika kwa umbo jipya tu.

Mtu ameziba namba kwa kisanduku cheupe. Mbinu hii ya kuificha namba ya ukurasa wa jina inaonekana kufaa kwenye skrini. Lakini kisanduku kikiwekwa ndani ya `Footer` kinaziba kila ukurasa wa sehemu hiyo, na kikiwekwa juu ya maandishi kinahama maandishi yanapohama. `Different First Page` inafanya kazi hiyo bila kuhama.

## "Si nitengeneze mafaili mawili tu?"

Pingamizi hili lina mantiki. Faili moja la kurasa za awali lenye Kirumi, jingine la sura lenye namba za kawaida, yote yachapwe na kuunganishwa wakati wa kubaindi. Namba zenyewe zitakaa sawa.

Tatizo ni yaliyomo. Orodha inayotengenezwa na Word kwa `References` na `Table of Contents` hukusanya vichwa vilivyo ndani ya faili lake. Yaliyomo yako kwenye faili la kwanza, sura ziko kwenye la pili. Mwanafunzi atalazimika kuandika namba za sura kwa mkono, na kuziandika tena kila atakapoongeza aya. Vyuo vinavyodai nakala moja ya PDF navyo vitamrudisha ayaunganishe.

Ndani ya faili moja, yaliyomo husoma namba kama zinavyoonekana ukurasani. Shukurani zitaorodheshwa v na Sura ya Kwanza 1, bila kuambiwa. Yapo masharti mawili:

- Kila kichwa kinachotakiwa kuonekana, pamoja na Tamko, Shukurani na Ikisiri, kipewe mtindo wa `Heading 1`. Kama `Heading 1` yako inaandika "SURA YA" yenyewe, vichwa vya awali vitengenezewe mtindo wao usio na hesabu ya sura, kisha uongezwe kwenye yaliyomo kupitia `Options` za orodha hiyo.
- Orodha haijirekebishi yenyewe. Bofya juu yake kwa kitufe cha kulia, chagua `Update Field`, kisha `Update entire table`.

Fanya hivyo mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza yaliyomo yanaweza kurefuka kutoka kurasa nne hadi tano, na Orodha ya Majedwali ikasukumwa kutoka xii hadi xiii. Namba iliyokusanywa kabla ya msukumo huo inaweza kuwa ya zamani. Mara ya pili inaisahihisha.

## Kwa anayetumia LibreOffice

LibreOffice Writer haifuati njia ya sehemu. Yenyewe hutumia mitindo ya ukurasa. Mwanafunzi atengeneze mtindo mmoja wa kurasa za awali, na katika mipangilio yake, kwenye kichupo cha `Page`, achague namba za i, ii, iii. Sura zipewe mtindo wa pili wenye 1, 2, 3.

Mpaka wake huwekwa kwa `Insert`, `More Breaks`, `Manual Break`. Hapo achague `Page break`, ataje mtindo wa sura chini ya `Style`, aweke tiki kwenye `Change page number` na kuandika 1. Kosa la kawaida ni kuweka mpaka bila kutaja mtindo, na hapo Kirumi huendelea kana kwamba hakuna kilichofanyika.

## Kabla ya kuchapa

Ukaguzi huu unachukua dakika chache. Kwa tasnifu ya mfano wetu ungekuwa hivi:

1. Ukurasa wa jina hauna namba, na Uthibitisho ni ii.
2. Ukurasa wa mwisho wa awali ni xiv, na unaofuata ni 1.
3. Ukurasa wa kabla ya jedwali lililolazwa ni 73, jedwali ni 74, unaofuata ni 75.
4. Karatasi ya mwisho ya viambatisho ni 118.
5. Jumla ya kurasa za faili ni 14 kuongeza 118, yaani 132. Isipolingana, kuna ukurasa mtupu uliojificha au hesabu iliyoanza upya.
6. Yaliyomo yamesasishwa, na sura tatu zilizochaguliwa ovyo zimelinganishwa na kurasa zenyewe.

Hesabu ya namba ya 5 inasaidia pia baada ya utetezi. Mtahini anayesoma PDF anaweza kuandika "rekebisha ukurasa wa 88" akiwa anasoma namba ya programu yake, si iliyochapwa. Ondoa kurasa 14 za awali: anazungumzia ukurasa wa 74, lile jedwali lililolazwa.

Faili lipelekwe steshenari likiwa PDF, si Word. Kompyuta ya pale ikikosa fonti iliyotumika, Word huweka nyingine, mistari inahama, na sura iliyoanza 62 inaweza kuanza 63 huku yaliyomo yakiendelea kusema 62.

Na ikitokea karatasi chache tu zinahitaji kurudiwa moja kwa moja kutoka Word, kuandika 5 kwenye kisanduku cha `Pages` kunaleta utata, kwa kuwa tasnifu hii ina v na ina 5. Word inakubali kutajiwa ukurasa pamoja na sehemu yake. Tamko hadi Shukurani, yaani iii hadi v katika sehemu ya kwanza, huandikwa hivi:

```
p3s1-p5s1
```

Jedwali la ukurasa wa 74, lililo sehemu ya tatu, huandikwa `p74s3`.